Barua ya Ofisa Mikopo: Kwa Nini Anayelipa Mapema Hulipa Riba Ndogo

Mtu aliyekopa Sh milioni 10 na kulipa mwaka mzima bila kuchelewa hata mwezi mmoja hutarajia kukuta deni limeshuka vya kutosha. Akienda benki na kuchapiwa taarifa ya mkopo wake, karatasi inamwambia mengine. Ametoa Sh 4,338,288 kwa marejesho 12, lakini deni limepungua kwa Sh 2,758,528 tu. Zaidi ya milioni moja na nusu imekwenda kwenye riba. Wapo wanaoondoka hapo wakiamini wameibiwa, na wapo wanaokata tamaa kabisa ya kulipa zaidi ya kile walichopangiwa.

Hesabu hiyo ni ya mkopo wa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayopigwa kwenye salio linalopungua. Rejesho lake ni Sh 361,524 kila mwezi. Mpaka mwezi wa 36, mkopaji atakuwa ametoa Sh 13,014,864, yaani riba ya takriban Sh 3,015,000 juu ya zile milioni 10.

Tuseme mkopaji ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Iringa. Amemaliza mwaka wa kwanza, na zamu yake ya kupokea kwenye mchezo wa kina mama imefika. Ana Sh milioni 2 mkononi ambazo hazina kazi ya haraka. Anamwandikia ofisa mikopo wake swali ambalo maofisa hao hulisikia mara kwa mara: nikizileta sasa nitapata faida gani, na riba mlishaiandika kwenye mkataba tangu siku ya kwanza?

Barua ya ofisa anayeijua kazi yake ingeanza na kile kichwa cha kiofisi, “YAH: OMBI LA KULIPA SEHEMU YA MKOPO KABLA YA MUDA,” kisha ingekwenda moja kwa moja kwenye fundo la swali:

“Mama, pamoja na salamu. Ile riba ya milioni tatu uliyoiona kwenye mkataba hatujaitoza yote. Ni makadirio ya riba utakayolipa iwapo utafuata ratiba mpaka mwezi wa mwisho. Kila mwezi tunaangalia deni lililobaki siku hiyo, tunalitoza asilimia moja na nusu, na hiyo ndiyo riba ya mwezi huo. Deni likiwa dogo, riba inakuwa ndogo. Fedha ambayo umekwisha kuirudisha hatuwezi kuitoza tena.”

Riba ya aina hii ni kodi ya kukaa na fedha ya mwingine, na kama ilivyo kwa chumba cha kupanga, hudaiwi kodi ya miezi ambayo umekwisha kurudisha ufunguo.

Ukurasa wa kuangalia ni ule wa jedwali la marejesho, ambalo wakopaji wengi hupewa pamoja na mkataba na kulikunja bila kulisoma. Lina safu nne zinazohusika: rejesho, riba, sehemu inayokwenda kwenye deni la msingi, na salio. Mstari wa kwanza wa mama huyu unaonyesha riba ya Sh 150,000, ambayo ni asilimia moja na nusu ya milioni 10. Kwa hiyo kati ya Sh 361,524 alizolipa, zilizopunguza deni ni Sh 211,524. Mwezi wa pili deni ni Sh 9,788,476, riba inashuka kuwa Sh 146,827, na zinazopunguza deni zinapanda kuwa Sh 214,697. Rejesho halibadiliki hata shilingi moja, lakini ndani yake riba inapungua kila mwezi na sehemu ya deni inaongezeka.

Ndiyo sababu mwaka wa kwanza huuma. Deni bado ni kubwa, basi na riba nayo ni kubwa. Katika mfano huu, zaidi ya nusu ya riba yote ya miaka mitatu imelipwa ndani ya miezi 12 ya mwanzo. Mwaka wa mwisho mzima unabeba riba isiyofika Sh 400,000. Hakuna hila hapo, kwa kuwa asilimia ni ileile tangu mwezi wa kwanza hadi wa 36. Kinachobadilika ni deni linalotozwa.

Sasa zirudi zile milioni 2. Baada ya rejesho la 12, mama anadaiwa Sh 7,241,472. Asipoongeza kitu, riba ya mwezi wa 13 itakuwa Sh 108,622. Akizilipa, deni linashuka papo hapo hadi Sh 5,241,472 na riba ya mwezi huo inakuwa Sh 78,622. Ameokoa Sh 30,000 kwa mwezi mmoja. Jambo lenye uzito zaidi linafuata: akiendelea kulipa rejesho lilelile la Sh 361,524, zile 30,000 zilizokuwa ziende kwenye riba zinaingia kwenye deni. Mwezi unaofuata deni ni dogo zaidi ya lilivyotarajiwa, riba inapungua tena, na kinachobaki kinakula deni tena. Milioni 2 zilizolipwa mara moja zinaendelea kufanya kazi kila mwezi mpaka deni liishe.

Mwisho wake unahesabika. Badala ya miezi 24 iliyobaki, mama atalipa marejesho kamili 16, na la 17 litakuwa la Sh 170,897 tu. Riba iliyokuwa ikimsubiri, Sh 1,435,104, inashuka hadi takriban Sh 714,000. Ameokoa takriban Sh 721,000 na amemaliza deni miezi saba kabla ya wakati.

Hapo kuna uamuzi ambao wakopaji wengi hawaambiwi kwamba ni wao wa kuufanya. Mteja akilipa fungu la ziada, benki inaweza kufanya moja kati ya mambo mawili. Inaweza kuacha rejesho lilivyo na kufupisha muda, kama tulivyoona. Au inaweza kuacha muda ulivyo na kupunguza rejesho. Kwa njia hii ya pili, rejesho la mama litashuka kutoka Sh 361,524 hadi Sh 261,676, na ataendelea kulipa miezi yote 24. Kila mwisho wa mwezi atapumua kidogo, lakini riba atakayookoa ni takriban Sh 396,000, karibu nusu tu ya ile ya njia ya kwanza. Fedha ni zilezile na siku ni ileile, tofauti ya zaidi ya laki tatu imetokana na kisanduku kilichowekwa alama kwenye fomu.

Ofisa mwaminifu angeliandika hilo waziwazi: “Ukitaka kuokoa riba nyingi zaidi, chagua kufupisha muda. Ukiona biashara imelegea na rejesho linakubana, chagua kupunguza rejesho. Niandikie unachotaka, usipoandika, mfumo wetu utafuata utaratibu uliowekwa, na huenda usiwe ule unaoutaka.” Mimi ningempa ushauri huohuo dada yangu. Mwenye duka ambaye mauzo yake hupotea wakati wa masika, ujenzi unaposimama, hana kosa akichagua nafuu ya kila mwezi, mradi ajue bei yake.

Wakati wa kulipa nao una bei. Kama mama huyo angeziweka milioni 2 zake mwaka mmoja zaidi na kuzileta mwisho wa mwaka wa pili, bado zingemsaidia, ila angeokoa takriban Sh 296,000 badala ya 721,000. Na kama angesubiri mpaka mwezi wa 30 kisha akalipa deni lote lililobaki, Sh 2,059,670 kwa mkupuo, riba ambayo angeikwepa ingekuwa Sh 109,474 tu. Si kwamba benki imemkazia. Mwezi wa 30 riba nyingi imekwisha kulipwa, na iliyolipwa hairudi. Anayesubiri mpaka awe na fedha za kumaliza deni lote kwa mara moja mara nyingi huzipata wakati faida yake imeshapukutika. Laki mbili za mwaka wa kwanza zina nguvu kuliko laki mbili za mwaka wa tatu.

Mpaka hapa kila kitu kimesimama juu ya neno moja la mkataba: salio. Sio mikopo yote inayohesabiwa hivyo.

Katika taasisi nyingi ndogo za fedha na hata baadhi ya vikundi, riba hupigwa kwa namna ambayo mitaani huitwa flati. Hapo riba inahesabiwa kwenye kiasi chote ulichokopa, tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama umebakiza robo tu ya deni. Mkopo wa Sh milioni 10 kwa flati ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, una riba ya milioni moja kila mwaka, jumla milioni 3. Gawa Sh milioni 13 kwa miezi 36 na utapata rejesho la Sh 361,111.

Linganisha na rejesho la mama wa Iringa: Sh 361,524. Ni mkopo uleule! Tangazo moja linasema asilimia 10 na jingine linasema 18, lakini fedha zinazotoka mfukoni zinatofautiana kwa shilingi 413 kwa mwezi. Anayelinganisha asilimia bila kuuliza zinapigwa kwenye nini anaweza kuuona mkopo mmoja kuwa nafuu sana kuliko mwenzake, na wala si hivyo.

Wanaponuia kulipa mapema ndipo mikopo hiyo pacha inapoachana. Baada ya mwaka mmoja, mwenye mkopo wa salio linalopungua anamaliza deni kwa Sh 7,241,472. Mwenye mkopo wa flati, kwa hesabu ya mkopeshaji, amebakiza deni la msingi la Sh 6,666,667 na riba ya Sh milioni 2 ya miaka miwili ijayo. Swali ni moja: ile riba ya miaka ambayo haijafika inadaiwa au inafutwa? Wapo wanaoifuta yote, wapo wanaofuta sehemu, na wapo wanaoidai mpaka senti ya mwisho. Akikutana na hawa wa mwisho, mkopaji atatakiwa kutoa Sh 8,666,667, sawasawa na ambazo angelipa polepole kwa miezi 24. Kulipa mapema hakukumwokolea hata shilingi. Kwa mkopo wa namna hiyo, fedha za ziada ni heri zikanunue bidhaa za duka.

Mikopo ya simu nayo ina sura zake. M-Shwari ilipoanzishwa Kenya Novemba 2012, mkopaji alitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ada ya namna hiyo hutozwa mara moja, hivyo kulipa siku ya 5 badala ya siku ya 30 hakuipunguzi. Fuliza, iliyokuja Januari 2019, iliwekewa ada inayoongezeka kwa kila siku deni linapobaki, na hapo kuwahi hata kwa siku mbili kunaonekana mfukoni. Anayedaiwa kwenye huduma mbili za namna hiyo kwa pamoja aanze na ile inayohesabu siku.

Turudi Iringa, maana mama bado hajalipa, na kuna mahali ambapo mpango mzuri huharibika bila mtu kugundua. Mteja anakwenda dirishani, anaweka Sh milioni 2 kwenye akaunti yake ya mkopo au ile inayokatwa marejesho, anapewa risiti na kuondoka akijua kazi imekwisha. Mfumo wa benki hauoni hivyo. Unaona akaunti yenye fedha nyingi, na kila mwisho wa mwezi unachota Sh 361,524 kama kawaida. Fedha zimekaa pale miezi mitano zikisubiri kukatwa, deni liko palepale, na riba inapigwa kwenye deni zima. Kwa mteja amelipa mapema. Kwenye vitabu vya benki ameweka akiba ya marejesho.

Kulitambua hilo si kazi ngumu. Wiki inayofuata omba jedwali jipya la marejesho. Kama malipo yameingia kwenye deni la msingi, salio litakuwa limeshuka kwa milioni 2 na tarehe ya kumaliza mkopo au kiasi cha rejesho kitakuwa kimebadilika. Kama jedwali ni lilelile, fedha hazijafika zilikokusudiwa. Kinga yake ni maandishi ya mistari miwili, yanayotaja namba ya mkopo, kiasi, na maneno haya: fedha hizi zipunguze deni la msingi, na muda wa mkopo ufupishwe. Pata nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Barua ya ofisa ingemalizia na gharama. Mikataba mingi ina kifungu cha ada ya kulipa kabla ya muda, kwa sababu mkopeshaji anapoteza riba aliyoitegemea. Ada hiyo hutajwa kwa asilimia, na cha kuuliza ni asilimia ya nini: ya kiasi unacholipa, au ya deni lote lililobaki. Ikiwa ni asilimia 3 ya kiasi kinacholipwa, milioni 2 za mama zitatozwa Sh 60,000. Ukizitoa kwenye Sh 721,000 alizookoa, bado amefaidi pakubwa. Lakini yule wa mwezi wa 30, aliyekuwa akikwepa riba ya Sh 109,474, akitozwa asilimia 5 ya Sh 2,059,670 atalipa ada ya takriban Sh 103,000. Amebakiwa na elfu sita na ushei. Yeye angeweza kumaliza ratiba yake kwa utulivu na kubaki na fedha zake mkononi.

Anayetaka kumaliza deni lote aombe kiasi cha kufungia mkopo kwa tarehe maalumu, asitegemee salio la taarifa ya mwezi uliopita. Riba hukua kila siku. Kwenye deni la Sh 7,241,472, siku moja ni takriban Sh 3,571. Akipewa hesabu ya tarehe 5 na akalipa tarehe 15, atabakiza deni la kama Sh 36,000 asilolijua, ambalo litaendelea kuzaa riba na hatimaye kuonekana kwenye taarifa za wakopaji kama deni lililocheleweshwa. Watu wamekataliwa mikopo mipya kwa masalia madogo ya namna hiyo.

Na kuna mteja ambaye ofisa mwadilifu angemwambia asilipe. Kama milioni 2 hizo ndizo pekee alizonazo na mtoto anaanza kidato cha tano mwezi ujao, akizitia kwenye deni hatazipata tena kwa bei ileile. Itabidi akope upya, pengine kwa mkopo wa miezi mitatu wenye riba kali kuliko ule alioupunguza. Hali kadhalika kama anadaiwa kwingine kwa asilimia 10 kwa mwezi: deni hilo ndilo la kuanza nalo, hata kama ni dogo na mdai wake hapigi simu.

Kinyume cha kulipa mapema ni kuongeza mkopo juu ya mkopo, ambako watumishi wengi wanaokatwa mshahara wamekuzoea. Baada ya mwaka au mwaka na nusu, mkopo wa zamani unafungwa, mpya mkubwa zaidi unafunguliwa, na tofauti inaingia mfukoni. Kwenye jedwali, mkopaji amerudishwa mstari wa kwanza, pale ambapo riba inachukua sehemu kubwa ya rejesho. Akifanya hivyo kila mara, haifikii kamwe ile miaka ya mwisho ambayo fedha yake karibu yote inaua deni. Ada za kufungua mkopo na bima ya mkopo nazo hulipwa upya.

Tukitaja bima: mara nyingi hulipwa yote mwanzoni kwa muda wote wa mkopo. Anayemaliza miaka miwili kabla ana haki ya kuuliza kama kuna sehemu ya kurudishiwa kwa muda ambao haukutumika, maana asiyeuliza mara nyingi hapewi.

Tanzania, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, zilizotolewa chini ya Benki Kuu, zinamtaka mtoa huduma aeleze masharti na gharama kwa mteja kwa uwazi na awe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Kwa hiyo anayeomba kuelezwa namna riba yake inavyohesabiwa haombi hisani.

Msomaji mwenye mkopo leo atoe mkataba wake kabatini na atafute mambo matatu: riba inapigwa kwenye salio au kwenye kiasi chote, ada ya kulipa mapema ni asilimia ngapi na ya nini, na malipo ya ziada yanafupisha muda au yanapunguza rejesho. Lisiloandikwa alipeleke kwa ofisa wake kwa barua na adai jibu la maandishi. Na siku ya kumaliza deni, asiondoke bila barua ya kuthibitisha kwamba mkopo umefungwa pamoja na hati au kadi ya gari aliyoiweka dhamana.